Namna ya Kudaiwa Kodi kwa Heshima: Mwongozo kwa Mwenye Karasha

Mwongozo huu ni wa mwenye karasha wa Katoro, Nyarugusu, Kakola au Mwakitolyo: mtu anayesaga mawe ya wenzake kwa malipo, mwenye mwalo wake na vijana wake, ambaye mwaka mzima uliopita alipata nafasi ya kwenda kila mahali isipokuwa ofisi ya TRA. Mchimbaji mdogo hatumsemi hapa. Yeye akipeleka dhahabu yake soko la madini la Geita, ambalo ndilo lilikuwa la kwanza nchini lilipofunguliwa Machi 2019, mrabaha na ada ya ukaguzi hukatwa palepale kabla hajazishika hela. Mwenye karasha hana bahati hiyo. Hela yake yote anaishika kwanza, na hapo ndipo matatizo huanza.

Sasa barua imefika. Umeisoma mara moja, ukaikunja, ukaiweka chini ya betri ya gari. Itoe, tuanze.

Hatua ya kwanza: jifananishe na Bulyanhulu, kisha acha

Kila mdaiwa wa ukanda huu ana haki ya kuanza kwa kujifananisha na wakubwa, kwa hiyo tumalize mapema.

Julai 2017, TRA iliipelekea kampuni ya Acacia bili ya dola bilioni 190 kwa migodi yake miwili ya Kahama, Bulyanhulu na Buzwagi. Ilikuwa miezi michache baada ya makontena ya makinikia kuzuiwa bandarini Dar es Salaam na kamati za maprofesa kuyafungua. Kati ya hizo bilioni 190, kodi yenyewe ilikuwa bilioni 40. Bilioni 150 zilizobaki zilikuwa riba na adhabu. Vijiweni watu walikwishaanza kugawana Noah, wengine wakichagua na rangi.

Barrick ilipoichukua Acacia, mwaka 2019, mazungumzo yaliishia kwenye dola milioni 300, na Serikali ikapata hisa asilimia 16 katika migodi, chini ya kampuni mpya iliyoitwa Twiga. Milioni 100 zilitangulia, zikalipwa Mei 2020. Milioni 200 zilizobaki zilipangwa kulipwa milioni 40 kila mwaka kwa miaka 5, tena kwa kutegemea hali ya mapato ya migodi.

Yamo mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, kwenye bili iliyolala miaka mingi, riba na adhabu huweza kuipita kodi yenyewe karibu mara nne. La pili, hata mwenye mgodi hulipa kwa awamu, na huanza kwa kuweka theluthi mezani ili aonekane ana nia. Jambo la tatu, la bilioni 190 kugeuka milioni 300, wewe halikuhusu. Wenzako walikuwa na makontena ya kufungiwa na mgodi wa kugawana hisa. Wewe una karasha mbili, na moja imekatika mkanda.

Hatua ya pili: isome bili kama unavyosoma mzani wa broka

Broka akikwambia gramu, hukubali kabla hujauona mzani. Bili ya kodi nayo ina sehemu tatu za kutazamwa moja moja: kodi yenyewe, riba na adhabu. Mdaiwa asiye na subira hutazama jumla tu, akashika kichwa, akaenda kunywa.

Tuchukue mfano mmoja, tutembee nao hadi mwisho. Kodi yako ya mapato ilikuwa Sh 10,650,000 na ilitakiwa kulipwa mwaka jana tarehe 30 Juni. Hukulipa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inasema kodi isiyolipwa kwa wakati hutozwa riba inayojumlishwa kila mwezi, yaani riba ya mwezi huu inaingia ndani ya deni, na mwezi ujao nayo inazaa. Kiwango chake hufuata kiwango cha punguzo cha Benki Kuu ya Tanzania, kwa hiyo hubadilika. Kabla hujakokotoa chochote, uliza TRA kiwango cha kila mwaka ambao deni lako limepitia. Hapa, kwa mfano tu na kwa ajili ya wepesi wa hesabu, tuseme ni asilimia 12 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 1 kwa mwezi.

Baada ya miezi 12, zile Sh 10,650,000 zimekuwa Sh 12,000,000 na mia chache juu. Tusahau hizo mia. Adhabu nayo tuseme umeshailipa, ndiyo hela uliyodhani ni ya mkanda wa karasha. Deni ni milioni 12 kamili.

Kama unaona bili yenyewe haiko sawa, njia yake si kulipa kwa awamu huku unanung'unika. Ni pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio, pamoja na kulipa theluthi ya kodi uliyokadiriwa au ile sehemu usiyoibishia, ipi iliyo kubwa. Siku ya 31 malalamiko yako yatakuwa mazungumzo ya kijiweni, ambayo nayo ni mazuri ila hayapunguzi kitu.

Hatua ya tatu: tafuta kiasi cha kila mwezi kwa njia mbili mbovu

Unataka kulipa kwa miezi 12. Je, kila mwezi ulipe ngapi? Wapo wataalamu wa aina mbili watakaokujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Wa kwanza ni rafiki yako wa vipuri. Yeye hugawanya: milioni 12 kwa miezi 12, milioni moja, kwisha habari. Hesabu hii ni tamu na inaingia kwenye kichwa chochote. Kasoro yake ni kwamba riba hailali wakati wewe unalipa. Kila mwezi sehemu ya milioni yako itaenda kulipa riba ya deni lililobaki, na kilichosalia tu ndicho kitapunguza deni. Ukilipa milioni moja kila mwezi kwa uaminifu wote, mwezi wa 12 utakwenda TRA umevaa shati la sherehe, ukute bado unadaiwa Sh 839,397. Hapo ndipo watu husema wameibiwa, ilhali aliyewaibia ni alama ya kugawanya.

Mtaalamu wa pili ni yule mama wa mikopo ya kausha damu. Yeye hukokotoa kwa namna aliyoizoea: asilimia 12 ya milioni 12 ni Sh 1,440,000; jumlisha, ipatikane 13,440,000; gawanya kwa 12, upate Sh 1,120,000 kila mwezi. Hii haiachi deni, lakini inakutoza riba ya milioni 12 hata mwezi wa 11, wakati umebakiwa na kama milioni mbili tu. Ni sawa na kumlipa mlinzi wa magunia 12 wakati 10 yameshauzwa. Ukifuata njia yake utakuwa umetenga zaidi ya Sh 645,000 za ziada kwa mwaka, na barua yako ya maombi itakuwa na ahadi kubwa kuliko inayotakiwa, ambayo huenda ukashindwa kuitimiza bure.

Dalili ya kuitambua hesabu ya kausha damu ni moja: tazama safu ya riba kwenye jedwali. Ikiwa riba ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho ni ileile, mtu amekukokotolea kama mkopo wa mtaani. Riba ya haki hushuka kila mwezi, kwa sababu kinachotozwa ni kile ambacho hujalipa.

Hatua ya nne: sasa kokotoa kama mtu mzima

Kuna njia ya kidole na kuna njia ya kikokotoo. Anza na ya kidole, maana itakusaidia kumjua anayekudanganya.

Deni linaanza na milioni 12 na linapungua kwa takriban milioni moja kila mwezi. Mwezi wa kwanza linatozwa riba likiwa milioni 12, mwezi wa pili 11, hadi mwezi wa mwisho ambapo linatozwa likiwa milioni 1. Wastani wa deni katika mwaka mzima ni katikati ya 12 na 1, yaani milioni 6.5. Asilimia 1 ya hiyo ni Sh 65,000. Ongeza kwenye milioni yako, unapata Sh 1,065,000 kwa mwezi. Huhitaji shule zaidi ya hapo, na huhitaji hata umeme.

Njia ya kikokotoo inatoa jibu kamili. Mpe kazi hiyo mpwa wako aliyesomea uhasibu Mwanza, yule unayemwita wakati wa shida tu. Atafika na simu yake na sura ya mtu anayejua kwamba hatalipwa.

"Mjomba, zidisha 1.01 kwa yenyewe mpaka zitimie 12."

"Kwa nini 1.01?"

"Kwa sababu kila mwezi deni la shilingi moja linakuwa shilingi moja na senti moja. Ukiliacha miezi 12 linafika hapa." Anakuonyesha 1.126825. "Sasa chukua moja, gawa kwa hiyo."

Inatoka 0.887449.

"Toa kwenye moja."

Inabaki 0.112551.

"Riba ya mwezi wa kwanza ni ngapi, mjomba?"

"Laki na ishirini."

"Gawa laki na ishirini kwa hiyo iliyobaki."

Inatoka Sh 1,066,000 na ushee. Kwa desimali zote ni Sh 1,066,185. Tofauti na njia ya kidole ni kama Sh 1,200 kwa mwezi. Kama mpwa ana kompyuta, kwenye Eksel ataandika hivi tu:

```
=PMT(1%,12,-12000000)
```

Alama ya kutoa mbele ya deni si kosa la uchapaji. Usipoiweka, jibu litatoka likiwa hasi, na wewe una mambo hasi ya kutosha.

Maana ya ule mgawanyo ni rahisi ukiutazama vizuri. Riba ya mwezi wa kwanza ni Sh 120,000. Ukilipa hizo 120,000 tu kila mwezi, unalipa riba peke yake, na deni linabaki milioni 12 mpaka wajukuu zako wafungue mwalo wao. Hiyo ndiyo sakafu: chochote chini yake kinaongeza deni, chochote juu yake kinalipunguza. Kugawa 120,000 kwa 0.112551 ni kuuliza malipo yapande juu ya sakafu kiasi gani ili deni liishe mwezi wa 12 na si mwezi mwingine wowote.

Sasa ukiwa umepata 1,066,185, usiiandike hivyo kwenye barua. Hakuna mtu anayelipa Sh 185. Panda hadi Sh 1,070,000, na malipo ya mwisho yawe madogo kidogo. Anayezungusha kwa kushuka huachiwa kisalio mwishoni, na kisalio hicho huendelea kuzaa riba kimyakimya hadi siku utakapoomba hati ya kutodaiwa kodi.

Hatua ya tano: chora jedwali, na uliamini kuliko shemeji yako

Chukua daftari la mwalo, ukurasa ambao hauna damu ya mbu, uchore safu nne: riba ya mwezi, malipo, kilichopunguza deni, na deni lililobaki.

Mwezi wa kwanza, riba ni asilimia 1 ya milioni 12, yaani 120,000. Unalipa 1,070,000. Kilichopunguza deni ni 950,000. Deni linabaki 11,050,000.

Mwezi wa pili, riba ni asilimia 1 ya 11,050,000, yaani 110,500. Unalipa zilezile 1,070,000. Kilichopunguza deni ni 959,500. Linabaki 10,090,500.

Mwezi wa tatu, riba 100,905, kilichopunguza deni 969,095, linabaki 9,121,405.

Unaona mwendo wake. Malipo hayabadiliki, riba inashuka, kinachokula deni kinaongezeka. Endelea hivyo hadi mwezi wa 11, na mwezi wa 12 utamaliza na Sh 1,021,622. Ikikujia tofauti, kuna mahali umekokotoa riba kwa deni la mwanzo badala ya lililobaki. Rudi juu ukatafute, usianze kumlaumu mpwa.

Hatua ya sita: chagua miezi kwa kutazama kifuku, si kwa kutazama rashi

Mwenye karasha hupanga awamu zake siku ambayo kuna rashi, mawe yanatema, viroba vimepangwa hadi barabarani, na kila mtu mwaloni anamwita bosi. Siku hiyo hata milioni 2 kwa mwezi inaonekana ndogo. Akiomba miezi 6, atatakiwa kulipa Sh 2,070,580 kila mwezi, na mvua zikijaza maduara maji, mawe hayaji, karasha inalala, lakini tarehe ya malipo hailali.

Kwa hiyo anza upande wa pili. Fungua daftari, tafuta mwezi mbovu kuliko yote mwaka jana, ule uliokopa hata dizeli. Baada ya mishahara, dizeli na vipuri, kilibaki nini? Hicho ndicho kipimo chako. Kama kilibaki laki 7, basi miezi 12 si saizi yako. Kwa laki 7 kila mwezi, deni hili linaisha mwezi wa 19. Kama ni Sh 565,000, ni miezi 24.

Gharama ya kujinyoosha hivyo inajulikana. Kwa miezi 12, riba ya kipindi cha awamu ni kama Sh 794,000. Kwa miezi 24 ni kama Sh 1,557,000. Karibu mara mbili, ndiyo. Lakini mpango wa miezi 24 unaotekelezeka ni bora kuliko wa miezi 6 utakaokufa mwezi wa tatu. Kumbuka tu kwamba TRA nayo ina maoni yake juu ya urefu, na kadiri unavyoomba miezi mingi ndivyo utakavyotakiwa kueleza zaidi. Ukiweza kutanguliza sehemu, deni la kukokotoa linapungua. Ukianza na theluthi, kama wale wa Bulyanhulu, zinabaki milioni 8, na kwa miezi 12 unalipa kama Sh 710,800. Hapo miezi 12 imekaribia kuwa saizi yako, na barua yako imepata meno.

Hatua ya saba: andika barua isiyo na machozi

Barua inakwenda kwa Kamishna Mkuu, kupitia meneja wa TRA wa mkoa wako. Mwandishi wa kawaida huanza na kifo cha mjomba, huendelea na ugonjwa wa mke, kisha homa ya matumbo ya mtoto, na mwishoni kabisa hutaja kwamba anaomba "kusaidiwa". Afisa anayesoma ameshazika wajomba wengi wa Geita tangu Januari. Ana huruma, ila hana pa kuiandika.

Andika namba yako ya TIN, deni unalolikubali na mwaka wake, sababu ya kushindwa kulipa kwa sentensi mbili, malipo ya awali na tarehe yake, kiasi cha kila mwezi, idadi ya miezi, na tarehe ya kila malipo. Ambatanisha jedwali lako na maelezo ya benki ya miezi ya karibuni. Afisa akikuta riba inashuka kwa mpangilio na deni linaishia sifuri, atajua anaongea na mtu aliyekokotoa. Hilo peke yake litakutofautisha na waliomtangulia asubuhi hiyo.

Chagua tarehe baada ya siku unazolipwa na wateja wako wakubwa. Usiandike tarehe 1 eti kwa sababu inapendeza.

Barua kupokelewa si ombi kukubaliwa. Mpaka uwe na jibu la maandishi, deni lote linadaiwa, na Kamishna ana nguvu ya kuiagiza benki yako imlipe yeye kutoka kwenye akaunti yako, au kukamata mali na kuipiga mnada. Karasha inapigwa mnada vizuri sana. Haina miguu ya kukimbia.

Hatua ya nane: usisahau kwamba mwaka huu nao upo

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjikia. Mdaiwa hulipa awamu ya deni la zamani kwa uaminifu, huku akisahau kodi ya mwaka unaoendelea. Kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoanza Januari, kodi ya makadirio hulipwa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Tuseme makadirio yako ni Sh 900,000 kila robo mwaka. Maana yake miezi hiyo minne hutakiwi kuwa na Sh 1,070,000, unatakiwa kuwa na Sh 1,970,000.

Kwa hiyo kiasi chako halisi cha kila mwezi si kile ulichokokotoa hatua ya nne. Ni hicho na theluthi ya makadirio ya robo, yaani 1,070,000 na 300,000: Sh 1,370,000, kila mwezi, hata miezi ambayo TRA hawakudai zile laki tatu. Zitenge mahali ambapo mkono wako na wa shemeji haifiki. Ukikuta Sh 1,370,000 ni nyingi kuliko mwezi wako mbovu, rudi hatua ya sita ukaongeze miezi kabla barua haijaenda. Anayelipa deni la mwaka jana kwa kuacha kodi ya mwaka huu amehamisha deni tu, na mwakani atasoma mwongozo huu upya.

Hatua ya tisa: jua bei ya kuruka mwezi mmoja

Utataka kuruka. Mwezi wa nne mota itaungua, utajiambia TRA watangoja. Basi ifanye hesabu kabla hujaamua.

Ulikuwa umebakiza Sh 9,121,405. Bila kulipa mwezi wa nne, zinakuwa Sh 9,212,619, na miezi iliyobaki ni 8. Ili umalize kwa wakati uleule, sasa unatakiwa kulipa Sh 1,204,000 badala ya 1,070,000. Ukijumlisha hadi mwisho, riba uliyoongeza kwa kuruka ni kama Sh 50,000 tu. Kumbe si nyingi! Ndiyo maana watu huruka. Kinachouma si hizo 50,000. Kinachouma ni kwamba ulikuwa huwezi 1,070,000, na sasa unadaiwa 1,204,000. Na kwamba makubaliano yaliyovunjwa yanaweza kufutwa, deni lote likadaiwa kwa mara moja, na benki ikapata lile agizo tulilolisema.

Dawa ya mtaani ni kukimbilia kausha damu. Tuseme anakutoza asilimia 20 kwa mwezi. Kukopa Sh 1,070,000 kwake ni kulipa riba ya Sh 214,000 mwezi huo. TRA kwa hela hiyohiyo, kwa kiwango cha mfano wetu, ingekutoza Sh 10,700. Umekimbia mbu ukajifunika siafu. Nenda ofisini kabla ya tarehe ya malipo, lipa unachoweza, na uombe kwa maandishi ratiba ipangwe upya ukiwa na jedwali jipya mkononi.

Hatua ya kumi: maliza kabisa

Kila ukilipa, hakikisha kumbukumbu namba uliyotumia ni ya deni lile la zamani, si ya makadirio ya mwaka huu. Hela iliyoingia shimo lisilo lake haijapotea, lakini huku riba inaendelea na kule unaonekana umelipa zaidi, na kuirudisha kunahitaji barua nyingine na subira ya aina nyingine. Kila baada ya miezi mitatu omba taarifa ya akaunti yako ya kodi, uilinganishe na safu ya nne ya daftari. Zikitofautiana, angalia kwanza kama kiwango cha riba kimebadilika mwaka ulipogeuka. Kikipanda au kushuka, chukua deni lililobaki na miezi iliyobaki, urudie hatua ya nne. Ni dakika kumi.

Kwenye malipo ya mwisho, usilipe ile 1,021,622 iliyo kwenye daftari. Ulizia salio la siku hiyo, ulipe hilo hadi shilingi ya mwisho. Kisha omba hati ya kutodaiwa kodi, maana leseni ya biashara inaisha na halmashauri wataitaka. Na zile laki tatu za kila mwezi, endelea kuzitenga. Ile 1,070,000 ndiyo peke yake iliyopata ruhusa ya kurudi mwaloni kununua mkanda.